Barua ya wazi kwa wakubwa wa huduma kwa wateja: acheni kuanza kuhesabu upya kila tiketi ikihama meza

Wakubwa zangu mnaosimamia huduma kwa wateja kwenye makampuni ya simu na mabenki hapa Tanzania, habari za kazi.

Nimefanya kazi kwenye malalamiko ya miamala ya simu, nikaanzia kolsenta kupokea simu kabisa afu baadae nikahamia bakofisi, na kampuni siitaji kwa sababu nikikaa na wenzangu wa kampuni zingine wanasimulia yale yale, kwa hiyo barua hii ni yenu wote. Sitaki kuongelea lugha ya wahudumu wala foleni ya simu, hayo yameshasemwa sana. Nataka kuongelea kitu kimoja ambacho mteja hakioni na nyie kwenye ripoti zenu pia hamkioni, nacho ni jinsi tunavyohesabu muda wa lalamiko.

Kwenye makaratasi utaratibu wetu ni mzuri tu. Ngazi ya kwanza ni mhudumu wa simu, akishindwa anapeleka bakofisi, bakofisi ikishindwa inapeleka kwa watu wa rikon, wale wanaolinganisha mahesabu yetu na ya benki, na juu yao yupo mkuu wa oparesheni. Kila ngazi imepewa masaa yake. Tatizo ni kwamba masaa ni ya meza, sio ya lalamiko. Tiketi ikitoka meza hii kwenda ile, saa ya meza ya kwanza inasimama na inaandikwa "imetimia ndani ya muda", afu meza ya pili inaanza sifuri. Ikirudishwa chini kwa sababu kuna taarifa imekosekana inaanza sifuri tena. Mteja yeye ana saa moja tu, iliyoanza pale hela ilipokatika.

Ngoja niwape kesi moja nzima ili tuelewane. Mteja ni fundi cherehani wa Mbagala, jina naliacha. Ijumaa saa 1:40 usiku anahamisha 180,000 kutoka akaunti yake ya benki kwenda kwenye simu, kesho yake asubuhi anatakiwa kumlipa mtu wa vitambaa Kariakoo. Benki inamtumia meseji kwamba hela imetoka. Upande wa simu kimya, salio halijapanda.

Anapiga benki. Wanamwambia kwetu imetoka dada, wapigie mtandao. Anapiga mtandao, anaambiwa kwetu haijaingia dada, wapigie benki. Sasa angalieni hapo, ameshaongea na taasisi mbili na hakuna hata moja iliyofungua tiketi, kwa sababu kila mhudumu akiangalia kioo chake anaona kwake hakuna kosa. Kwa ripoti zenu za Ijumaa hilo lalamiko halipo kabisa duniani. Linakuja kuwepo saa 3 usiku anapopiga mtandao kwa mara nyingine akiwa analia, mhudumu anamuonea huruma anafungua tiketi na kumpa ile sentensi yetu ya siku zote, subiri ndani ya masaa 24 hadi 72.

Jumamosi asubuhi mhudumu wa zamu anaipeleka bakofisi. Ngazi ya kwanza imemaliza kazi, imetimia. Bakofisi wanafungua mchana, wanatafuta muamala kwenye mfumo wetu hawauoni, wanaandika "mteja alete taarifa ya benki inayoonyesha makato" na wanabadilisha hali ya tiketi kuwa "tunasubiri mteja". Ukiweka hali hiyo saa inasimama. Meseji ya kumuomba taarifa ya benki haikumfikia, kwa sababu tiketi ilifunguliwa kwa namba aliyopigia ambayo ilikuwa simu ya mdogo wake. Baada ya masaa 48 bila jibu mfumo unaifunga tiketi wenyewe, sababu: mteja hajajibu.

Jumatatu usiku anapiga kuulizia. Anaambiwa tiketi yako imefungwa, ngoja nikufungulie nyingine. Namba mpya, 24 hadi 72 mpya. Safari hii mhudumu anajua kazi, anamwambia aende tawini achukue taarifa, Jumanne anaileta, Jumatano bakofisi inapeleka kwa rikon, rikon wanafungua faili la Ijumaa wanaona dakika tano tu kwamba benki ilikata, sisi hatukuingiza, hela imekaa kwenye akaunti ya kusubiria. Alhamisi asubuhi 180,000 inaingia kwenye simu yake.

Kwa mteja hiyo ni karibu siku sita. Kwa ripoti ya mwisho wa wiki ni tiketi mbili, zote zimefungwa ndani ya muda, asilimia mia. Hakuna aliyedanganya hapo wakubwa, kila mtu alifanya alichoelekezwa na namba zote ni za kweli, na ndio maana nasema kosa lipo kwenye jinsi saa ilivyowekwa.

Sasa kuna jambo inabidi nilieleze vizuri kwa sababu wateja wengi wanaamini tunakaa na hela zao makusudi, na mimi nisingependa barua hii iwape hoja hiyo. Kwa nini hela haikurudi yenyewe pale pale? Kwa sababu muamala wa kutoka benki kwenda simu unapita mifumo miwili inayoulizana. Benki inakata, inatuma ombi kwetu, inasubiri tujibu ndiyo au hapana. Jibu likiwa hapana, benki inarudisha hela papo hapo. Likiwa ndiyo, kazi imeisha. Shida inakuja jibu lisiporudi kabisa, mtandao umekatika katikati au mfumo umelemewa, muda wa kusubiri ukaisha, ile tunayoita taimauti. Hapo benki haijui kama tumeingiza au hatujaingiza. Ikirudisha hela kwa haraka na kumbe sisi tulishaingiza, mteja anapata mara mbili na mtu wa kulipa anatafutwa. Kwa hiyo inaiacha hela kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mafaili ya pande mbili yalinganishwe, na mafaili hayo kwa kawaida yanabadilishanwa usiku na kusomwa asubuhi ya kesho yake.

Ukishaelewa hivyo unaona kwamba lalamiko la "hela imekatwa haijafika" lina sura tatu tu, na kila sura ina muda wake.

Sura ya kwanza, pande zote zinaonyesha imefika. Hapa mteja haelewi salio lake, na mara nyingi sana ukiangalia unakuta alikuwa na deni la ule mkopo wa kukamilishia muamala, hela imeingia na deni likajilipa humo humo. Hili mhudumu wa ngazi ya kwanza analimaliza kwenye simu hiyo hiyo kama mmempa ruhusa ya kuona ukurasa wa mikopo. Wengi hawana ruhusa hiyo, kwa hiyo swali la dakika tatu linapanda ghorofa mbili kwenda kutafuta mtu mwenye kioo kinachoonyesha deni, na mteja anaambiwa 24 hadi 72.

Sura ya pili, benki imekata na jibu letu lilikuwa hapana, lakini ule urejeshaji wa moja kwa moja umekwama. Hapa hakuna cha kuchunguza, ukweli unajulikana tayari. Bakofisi anatakiwa aimalize siku hiyo hiyo, na akichelewa sababu ni foleni ya kazi tu, sio ugumu wa kesi.

Sura ya tatu ndio ile ya fundi wetu, haijulikani. Hii peke yake ndio ina haki ya kusubiri, na inasubiri faili la asubuhi basi. Kwa siku ya kazi jibu linatakiwa liwepo kesho yake mchana. Sasa hizo 72 zilitoka wapi? Nijuavyo mimi zimewekwa kwa sababu Jumamosi na Jumapili hakuna mtu wa kufungua faili, kwa hiyo muamala wa Ijumaa jioni unasomwa Jumatatu, na badala ya kumwambia mteja wa Ijumaa ukweli wake tukachukua muda wa kesi mbaya kuliko zote tukawapa wote, hata yule wa Jumanne asubuhi ambae kesi yake inaisha kabla ya chai ya saa nne. Na mteja si mjinga, akishaambiwa 72 kwa kila kitu anaacha kuamini namba yoyote mnayompa, anaanza kupiga kila baada ya nusu saa, foleni inajaa, mnaajiri watu wa kupokea simu za kuulizia badala ya watu wa kusoma faili.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, lalamiko liwe na saa moja. Inaanza mteja anapowagusa kwa mara ya kwanza kwa njia yoyote, simu, meseji, tawini, dukani, na inasimama mteja anapopata hela au jibu la mwisho lenye sababu. Meza zinaweza kuwa na malengo yake ya ndani, sina ugomvi na hilo, ila yanatolewa ndani ya hiyo saa moja. Kama ahadi kwa mteja ni kesho saa 8 mchana na meza ya kwanza imekula masaa kumi bure, meza ya pili inarithi kilichobaki. Na tiketi ikifunguliwa kwa jambo lile lile na muamala ule ule, iungwe na ya kwanza, irithi tarehe ya kwanza. Rifaransi namba ya muamala ipo, mfumo unaweza kuziunganisha wenyewe.

Ile hali ya "tunasubiri mteja" nayo iwekewe masharti. Isimamishe saa pale tu ambapo kuna ushahidi mteja amefikiwa, meseji imepokelewa au amepigiwa akapokea, na kinachoombwa ni kitu ambacho kampuni haiwezi kukipata yenyewe. Taarifa ya makato ya benki sio kitu cha kumtuma fundi cherehani apande daladala kwenda tawini. Mtandao na benki vina mkataba, vina mafaili, vina watu wanaopigiana simu kila siku. Nimewahi kukaa meza ambayo jirani yangu alikuwa na namba ya mtu wa rikon wa benki na alimaliza kesi kwa dakika kumi kwa kumuuliza tu, wakati kesi kama hizo hizo kwenye meza zingine wateja walikuwa wanapanga foleni benki kuchukua karatasi yenye habari ile ile.

Hapo ndio linaingia suala la nani mwenye lalamiko. Pendekezo langu ni rahisi, aliyelipokea kwanza ndio mwenye nalo mpaka mwisho. Mteja akianzia benki, benki inafungua tiketi, inaongea na mtandao, inamjibu mteja. Akianzia kwa mtandao, hivyo hivyo. Marufuku kumwambia mteja wapigie wale. Najua mtasema mhudumu wa benki hana jinsi ya kuona mfumo wa simu. Ni kweli, lakini hahitaji kuuona, anahitaji meza ya pili yenye mawasiliano na upande wa pili, na saa ambayo itamuuma yeye kama upande wa pili wamelala. Mkataba wenu wa kibiashara uwe na kipengele cha muda wa kujibizana kuhusu muamala mmoja mmoja, masaa mawili siku ya kazi yanatosha kabisa kwa swali la ndiyo au hapana.

Ombi la pili ni kuhusu kupanda ngazi. Sasa hivi lalamiko linapanda kwa kelele. Anayepandishwa ni mtu aliyeongea kwa ukali, au anayemjua mtu ofisini, au aliyeweka picha ya muamala kwenye intaneti ikasambaa. Fundi wetu hakuwa na lolote kati ya hayo, alisubiri kama alivyoambiwa. Nimeshuhudia kesi ya 15,000 ya mtu maarufu ikimalizwa ndani ya saa moja na mkuu wa kitengo mwenyewe, siku ambayo kulikuwa na kesi za mitaji ya watu zina siku ya tano hazijaguswa. Kwa hiyo kupanda kufanywe na saa. Nusu ya muda ikipita bila hatua yoyote kuandikwa, supavaiza anapata taarifa. Muda ukiisha, tiketi inahamia ngazi ya juu yenyewe, bila mtu kuomba wala mhudumu kuona aibu kwamba ameshindwa, na mteja anapata meseji ya kumwambia imepanda, iko kwa nani kwa cheo, na jibu ni lini. Siku moja zaidi ikipita inakwenda kwa mkuu wa oparesheni, na hapo asipewe tiketi moja moja, apewe orodha kila asubuhi ya zilizozeeka, kubwa kwa umri juu kabisa.

Lakini kupandisha bila madaraka ni kuhamisha karatasi tu. Hili naliona ndio kiini na ndio mnalolikwepa zaidi, kwa sababu linagusa hela. Kila ngazi lazima iwe na uwezo ambao ngazi ya chini yake haina, vinginevyo imewekwa ya nini? Ngazi ya kwanza iweze kuona historia yote ya mteja na kuzuia hela isitoke. Ngazi ya pili iweze kumuingizia mteja kiasi fulani kabla faili halijafika, mkaweka kikomo, tuseme 200,000 kwa mteja ambae laini yake imesajiliwa vizuri na hana historia ya udanganyifu, na rikon ikionyesha kwamba alishapata, mnazichukua tena kutoka kwake. Najua watu wa fedha watakataa hapo. Waambieni wahesabu, hiyo hela tayari ipo kwenye akaunti ya kusubiria, haijapotea, kinachokosekana ni ruhusa ya kuitumia siku tatu mapema. Hatari iliyobaki ni ndogo na ina kikomo. Kwa fundi cherehani, 180,000 ya Ijumaa usiku na 180,000 ya Alhamisi ni vitu viwili tofauti, ya Ijumaa ni mzigo wa wiki nzima, ya Alhamisi ni hela iliyokuta ameshakopa kwa riba.

Kuna aina moja ya lalamiko ambayo hata utaratibu huu mzuri utaiua, nayo ni hela iliyotumwa namba isiyo sahihi au aliyotapeliwa mtu. Hii haihesabiwi kwa siku wala masaa, inahesabiwa kwa dakika, maana aliyeipokea akifika kwa wakala imeisha. Hapa mpangilio unageuka, unazuia kwanza, unachunguza baadae. Mhudumu wa kwanza anayepokea simu awe na kitufe cha kuzuia kile kiasi tu kwenye akaunti ya mpokeaji, bila kuomba idhini ya mtu yeyote, na mpokeaji apewe nafasi ya kujieleza ndani ya muda uliotajwa ili nae asionewe, kwa sababu wapo wanaonunua bidhaa, wanalipa, afu wanapiga simu kusema wamekosea namba. Ile namba ya 15040 ya kuripoti meseji za matapeli ni nzuri na watu waendelee kuitumia, ila inasaidia kuikamata laini ya tapeli, hela ya mteja inabidi izuiwe na nyie wenyewe. Na kwenye menyu ya kolsenta msiwaweke hawa foleni moja na anayeuliza bei ya bando.

Ombi la tatu ni mlango wa kutokea nje. Utaratibu wowote wa malalamiko una mwisho, na mwisho wake ni pale mteja anapoweza kwenda juu yenu. Kwa mambo ya vocha, bando na mtandao juu yenu yupo TCRA, na kampuni inapewa siku 30 kulimaliza kabla mteja hajaenda huko. Kwa hela za kwenye simu na benki juu yenu ipo Benki Kuu, ambayo ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Wateja wengi hawajui mgawanyo huo, mtu analalamikia hela TCRA anaambiwa aende kwingine, anakata tamaa. Mhudumu wenu anajua, ila kwenye skripti anayosoma hayo maneno hayamo.

Na huko juu kitu cha kwanza unachoulizwa ni, je, ulishalalamika kwa mtoa huduma, na alikujibu nini. Sasa fundi wetu angeonyesha nini? Ana meseji mbili za "tiketi yako imepokelewa" na moja ya "tiketi yako imefungwa". Hana jibu. Ulaya kanuni za huduma za malipo zinazotumika tangu Januari 2018 zinamtaka mtoa huduma ajibu ndani ya siku 15 za kazi, na kama amekwama kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake anatuma jibu la muda linaloeleza sababu na siku ya jibu la mwisho, ambalo halitakiwi kuzidi siku 35 za kazi. Kule Uingereza jibu la mwisho lazima limwambie mteja kwamba kama hajaridhika anaweza kwenda kwa msuluhishi wa mambo ya fedha ndani ya miezi 6. Sisemi tuchukue siku zao, zetu za ndani ya nchi kwa muamala mdogo zinatakiwa ziwe fupi kuliko hizo. Nachotaka mchukue ni hilo jibu la mwisho lenyewe. Meseji fupi tu, tumegundua hiki, tumeamua hivi kwa sababu hii, usiporidhika nenda hapa, na rifaransi namba. Tiketi isifungwe bila hiyo meseji. Mkilazimika kuandika "tumeamua hivi kwa sababu hii" mtaona wenyewe tiketi ngapi mlikuwa mnazifunga bila kuamua chochote.

Nimalizie kwenye ripoti, kwa sababu najua nyie wakubwa mnaongozwa na ripoti na sina ubaya nayo. Ile mnayoletewa ina wastani wa muda wa kutatua. Chukueni malalamiko 100. 90 ni maswali madogo, yanaisha kwa saa moja kila moja. 10 ni hela zilizokwama, yanachukua siku 12 kila moja, yaani masaa 288. Jumlisheni, 90 ukiongeza 2,880 ni 2,970, gawa kwa 100 unapata masaa 29.7. Mkutanoni inasomwa kwamba tunatatua kwa chini ya masaa 30 na watu wanapiga makofi, wakati kumi waliokuwa na tatizo halisi wamekaa karibu wiki mbili bila hela. Kadri mnavyopokea maswali madogo mengi ndivyo namba inavyopendeza, hata kama wale kumi hawajasogea hata nukta.

Kwa hiyo acheni wastani. Jumatatu hii waombeni watu wenu wa data kitu kimoja, wachukue namba za simu za wateja badala ya namba za tiketi, waangalie mwezi uliopita ni wateja wangapi walifungua tiketi zaidi ya moja kwa muamala ule ule, na kwa kila mmoja wahesabu kutoka tiketi ya kwanza kufunguliwa mpaka hela kuingia. Ni kazi ya nusu siku, data ipo yote, haihitaji mfumo mpya wala mshauri kutoka nje. Afu hiyo orodha ipangwe kutoka aliyekaa muda mrefu zaidi, na kumi wa juu wapigiwe simu na wakuu wa vitengo wenyewe, sio kolsenta.

Na wakati mnasubiri hiyo orodha, wekeni mtu mmoja wa rikon Jumamosi na mmoja Jumapili, asubuhi tu, afungue faili la usiku. Benki nao waweke wa kwao wa kupokea simu yake. Huo mshahara wa watu wawili kwa nusu siku ndio unaotenganisha muamala wa Ijumaa jioni na Jumatatu mchana, na Ijumaa jioni ndio watu wanahamisha hela za kununulia mzigo.

Wenu,
niliyekaa meza ya malalamiko, Dar es Salaam